Doa Litoke, Nyuzi Zibaki

Kahawa ikidondokea kanzu ya bwana harusi dakika chache kabla ya kupigwa picha, mhariri wa picha ana njia mbili za haraka za kuifuta kwenye kompyuta, na zote mbili huacha ushahidi. Ya kwanza ni kuchota rangi ya kitambaa kilicho safi na kuipaka juu ya doa kwa brashi. Doa linaondoka, lakini linaondoka na nyuzi zake. Kifuani panabaki kipande laini kisicho na mtande wala mshindio, na jicho la mtazamaji linakimbilia hapo hapo. Ya pili ni kunakili kipande cha kitambaa safi na kukibandika juu ya doa. Nyuzi sasa zipo, ila hazikutani na nyuzi za jirani, na kivuli cha mkunjo kilichokuwa kikishuka kutoka begani kinakatika ghafla katikati ya njia.

Picha ninayoitolea mfano hapa ni ya bwana harusi wa Mombasa, amevaa kanzu ya kitani ya rangi ya maziwa na joho jeusi. Imepigwa wima, kuanzia juu ya kofia hadi chini ya kiuno. Doa lina upana wa sarafu, upande wa kushoto wa kifua. Mama yake alitaka picha hiyo itundikwe sebuleni, na agizo lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, hilo doa nitolee, lakini usinivishie mtoto karatasi."

Kazi ya namna hiyo ina njia yake. Wahariri huiita kutenganisha masafa, na wengi wameijua kwa kusafisha ngozi za maharusi, chunusi zitoke na vinyweleo vibaki. Kwenye kitambaa inafanya kazi vizuri zaidi kuliko kwenye ngozi, maana kitambaa kina mpangilio unaoweza kuhesabiwa. Masafa hapa ni yale yale tunayoyasema kwenye redio: jambo linajirudia mara ngapi. Ukiipitia picha ya kanzu kutoka kushoto kwenda kulia, nyuzi zinapanda na kushuka haraka haraka, mwanga na kivuli, mwanga na kivuli. Umbo la kifua na mikunjo mikubwa hubadilika taratibu, mwangaza ukififia polepole kuelekea kwapani. Mabadiliko ya haraka na ya taratibu yamekaa pamoja katika picha moja, lakini kihesabu yanaweza kutengwa, kila moja likawekwa kwenye leya yake, kisha yakajumlishwa tena bila kupotea kitu. Kugawa picha kwa namna hiyo hakukuanzia kwenye studio za maharusi. Peter Burt na Edward Adelson walichapisha mwaka 1983 utaratibu wa kuigawa picha katika ngazi za ukungu na tofauti zake, wakiwa na lengo la kuihifadhi kwa nafasi ndogo. Sisi tunatumia ngazi mbili tu za wazo hilo.

Faida yake kwa doa ni hii. Doa la kahawa ni kubwa na laini, kwa hiyo sehemu yake kubwa huangukia kwenye leya ya mambo ya taratibu. Nyuzi huangukia kwenye leya ya mambo ya haraka. Ukilifuta doa kwenye leya yake, nyuzi hazijui hata kama kuna lililotokea. Hayo ndiyo maelezo ya kawaida, na ni kweli kwa kiasi kikubwa. Ugumu upo kwenye kile kiasi kinachobaki.

Kabla ya kugusa chochote, nyuzi huhesabiwa. Kamera iliyotumika inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, na fremu hii imechukua karibu mita moja ya mwili kwa urefu wa picha. Yaani kila milimita ya kanzu imepata pikseli kama 6. Kitani hiki ni kizito kidogo, nyuzi 12 hivi kwa sentimita, kwa hiyo uzi mmoja una upana wa pikseli 5. Lakini katika ufumaji wa kawaida uzi hupita juu ya jirani yake, kisha chini ya anayefuata, na mpangilio haujirudii mpaka nyuzi mbili zipite. Hatua ya kujirudia basi ni pikseli 10. Si lazima kufanya hesabu hii kwa vipimo vya kitambaa. Kuza picha hadi 200%, hesabu matuta kumi ya mwanga yaliyofuatana kwenye mstari mmoja, pima urefu wake kwa pikseli, gawanya kwa kumi.

Namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu leya ya taratibu hupatikana kwa kutia picha ukungu, na ukungu una kipimo chake kinachoitwa Radius. Kikiwa kidogo mno, nyuzi zinabaki ndani ya leya ya rangi na utaziharibu unapofuta doa. Kikiwa kikubwa mno, doa lenyewe linahamia kwenye leya ya nyuzi na hulipati tena kwa urahisi. Kanuni ninayoifuata ni nusu ya hatua ya kujirudia. Kwa hatua ya pikseli 10, Radius ya 5 huacha chini ya asilimia 1 ya mtikisiko wa nyuzi ndani ya ukungu. Ukiweka 2.5, inabaki zaidi ya robo, na hiyo robo inatosha kuonekana. Watu wengi hukariri namba waliyoiona kwenye video, iwe 8 au 10, wakaitumia kwa ngozi, kwa kanzu na kwa zulia. Namba isiyotokana na nyuzi zilizo mbele yako haina maana yoyote.

Upande wa pili wa hesabu ni doa. Lina sentimita mbili na nusu, yaani pikseli 150. Kati ya 10 na 150 kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo ndiyo inayoifanya njia hii ifae. Tone dogo la milimita moja, pikseli 6 tu, halitenganiki na nyuzi hata ufanyeje. Hilo lifute kwa kunakili kawaida, uendelee na kazi nyingine.

Sasa leya zenyewe. Katika Photoshop, nakili picha mara mbili. Nakala ya chini iite Rangi, ya juu iite Nyuzi. Ficha Nyuzi, simama kwenye Rangi, fungua Gaussian Blur na uweke 5. Kitambaa kinageuka kuwa ukungu wa rangi ya maziwa na doa la kahawia katikati. Kisha rudisha Nyuzi, simama juu yake, fungua Apply Image. Kwenye Layer chagua Rangi, na Channel ibaki RGB. Kama faili ni la biti 8, kwenye Blending chagua Subtract, Scale iwe 2, Offset iwe 128. Kama ni la biti 16, ambalo ndilo ninalolipendekeza kwa kazi yoyote itakayochapishwa kubwa, weka alama kwenye Invert, Blending iwe Add, Scale 2, Offset 0. Leya ya Nyuzi inageuka kijivu, na juu ya kijivu hicho nyuzi zinasimama kama zimechorwa kwa penseli. Mwisho badilisha namna leya hiyo inavyochanganyika iwe Linear Light. Picha inarudi kama ilivyokuwa mwanzo.

Inarudi kweli, si kwa kukisia. Chukua pikseli moja juu ya mgongo wa uzi, yenye thamani 228, mahali ambapo ukungu umetoa 216. Tofauti ni 12. Apply Image inaigawa kwa 2 ikapata 6, inaongeza 128, na kuandika 134 kwenye leya ya Nyuzi. Linear Light inafanya kinyume: inaangalia 134 iko mbali kiasi gani na 128, inapata 6, inazidisha mara mbili, inajumlisha 12 juu ya 216. Tumerudi 228. Kugawa kwa mbili kupo kwa sababu tofauti inaweza kuwa hasi au chanya na lazima ienee ndani ya namba 0 hadi 255, na 128 ndiyo "hakuna tofauti". Kwa hiyo mahali penye kijivu kamili, leya ya Nyuzi haisemi kitu. Kama baada ya hatua hizi picha imepauka, imekoza au imepata rangi ngeni, umechanganya vipimo vya biti 8 na biti 16. Simama hapo urekebishe, usiendelee ukitumaini itakaa sawa.

Doa linafutwa kwenye Rangi. Hapa ndipo mafunzo mengi yanapopotosha. Wanakwambia uzungushie doa kamba ya kuchagua, ulainishe ukingo, kisha utie ukungu mwingine mkubwa ndani yake. Kwa ngozi hiyo ni sawa, kwa sababu unachotaka ni kusawazisha wekundu na weupe vilivyotapakaa. Kwa doa la kahawa ni kosa. Ukungu hauondoi kahawa, unaisambaza. Unapata waa kubwa zaidi na hafifu zaidi, na mama mwenye picha atasema kanzu haikufuliwa vizuri.

Kinachotakiwa ni kuleta rangi safi kutoka mahali pengine. Tengeneza leya tupu kati ya Rangi na Nyuzi. Chukua Clone Stamp, kwenye Sample chagua Current & Below ili isiguse leya ya Nyuzi iliyo juu, brashi iwe laini, uzito wake asilimia 40 hivi, na uanze kunakili kutoka kitambaa safi kilicho karibu. Raha ya hatua hii ni kwamba hakuna nyuzi za kulinganisha. Unanakili ukungu juu ya ukungu. Kitu pekee cha kuangalia ni mwanga. Doa letu limekaa kwenye mteremko wa mkunjo, upande wa kulia una mwanga zaidi kuliko wa kushoto, kwa hiyo chanzo cha kila mpigo lazima kiwe juu au chini ya doa kwenye mteremko ule ule, si pembeni yake. Nenda kwa mipigo mifupi, ukibadilisha chanzo mara kwa mara.

Tahadhari moja tu. Joho jeusi liko jirani, na ukungu wa 5 umevuta weusi wake ndani ya kanzu kwa pikseli kama 15. Ukichota rangi ndani ya ukanda huo, utabandika kivuli cha joho kifuani na utashangaa kimetoka wapi. Chota mbali.

Ukimaliza hapo, kwenye skrini iliyopunguzwa picha huonekana imepona. Kuza hadi 100% na utaona mambo mawili.

La kwanza: pale palipokuwa na doa, nyuzi zipo lakini zimelegea. Kitambaa kinaonekana kimechakaa, au kimepigwa pasi sana mahali pamoja. Sababu yake ni ya asili ya mwanga wenyewe. Kahawa haikuongeza kiza juu ya nyuzi kwa kiasi kimoja, ilizidisha. Kama doa linameza sehemu nne kati ya kumi za mwanga, linameza sehemu nne za mwanga wa mgongo wa uzi na sehemu nne za mwanga wa bonde lake, kwa hiyo na tofauti kati yao inapungua kwa uwiano ule ule. Njia yetu ya kutenga ilitumia kutoa na kujumlisha. Tumeipandisha rangi, lakini tofauti kati ya mgongo na bonde imebaki ile ndogo ya enzi za doa.

Kupima si kazi. Panua kipimo cha kuchotea rangi kiwe 31 by 31 Average, kisha usome kwenye Info ukiwa kwenye picha ya asili. Kitambaa safi cha kanzu hii kina nyekundu 222, kijani 216, bluu 204. Katikati ya doa ni 190, 165 na 120. Angalia bluu: imeshuka kutoka 204 hadi 120, wakati nyekundu imepungua kidogo tu. Ndivyo kahawa ilivyo, na chai na manjano vivyo hivyo. Vyote hula bluu, na ndiyo maana madoa yao yana ukahawia au umanjano. Kwa hiyo katika chaneli ya bluu, uzi uliokuwa ukitikisika kwa 12 juu na chini sasa unatikisika kwa 7. Katika nyekundu umebaki karibu 10. Matokeo yake si ulegevu tu. Nyuzi za pale zina tone la rangi ambalo jirani zake hawana, kwa sababu chaneli tatu hazilingani tena.

Dawa ni kuzinyoosha nyuzi, kila chaneli kwa uwiano wake. Weka leya ya Curves juu ya Nyuzi na uifunge kwenye Nyuzi peke yake, isiguse kilicho chini. Ichie maski nyeusi yote, kisha paka nyeupe mahali pa doa kwa brashi laini. Ndani ya Curves fungua Blue na uzungushe mstari kuzunguka 128, maana 128 ndiyo kimya. Tunahitaji 204 gawanya kwa 120, yaani mara 1.7. Sogeza ncha ya chini hadi 52 na ncha ya juu hadi 203, na mstari unapata mwinuko huo. Kijani kinahitaji mara 1.3, nyekundu chini ya 1.2. Msitari ukiupitisha mbali na 128, rangi ya doa lote itahama, na hiyo ni dalili rahisi ya kujua umekosea wapi.

Ukizidisha nyuzi, unazidisha pia chengachenga za kamera, na bluu ndiyo chaneli yenye chengachenga nyingi kuliko zote. Picha hii ilipigwa mchana kwenye baraza, kwa hiyo 1.7 ilivumilika. Ingekuwa ya ukumbini usiku, ISO ikiwa juu, ningeishia 1.4 na kukubali ulegevu kidogo, kwa sababu kipande chenye chengachenga katikati ya kitani safi huonekana haraka kuliko kipande kilicholegea.

Hapa nitaje jambo ambalo wauzaji wa mafunzo hawalitaji. Kama doa lingekuwa sawasawa kote, bila ukingo na bila mabaka, kutenganisha masafa kusingehitajika. Leya moja ya Levels yenye maski, ikisogeza nyeupe ya kila chaneli, ingezidisha rangi na nyuzi kwa pamoja kwa uwiano ule ule, na kazi ingekwisha kwa dakika mbili. Kwa bluu yetu ungesogeza nyeupe kutoka 255 hadi 150. Mimi hujaribu hivyo kwanza kila mara. Likikubali, sihangaiki na leya. Kahawa lakini hukubali kwa nadra, na sababu ni jambo la pili linaloonekana ukikuza.

Jambo hilo ni pete. Pembezoni mwa doa la kahawa kuna mstari mweusi zaidi kuliko katikati. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza katika jarida la Nature kwa nini tone la kahawa linapokauka juu ya kitu huacha duara lililokoza ukingoni: maji hukauka haraka zaidi pembeni, ukingo wa tone umeshika hausogei, kwa hiyo maji ya katikati hutiririka kwenda kuziba pengo na kubeba chembe za kahawa hadi pembeni. Juu ya kitambaa nyuzi nazo hunyonya na kulisogeza tone, kwa hiyo pete haiwi nzuri kama juu ya meza, lakini inakuwepo.

Kwetu tatizo la pete ni upana wake. Ina milimita moja hivi, pikseli 6. Ni nyembamba kuliko hatua ya ufumaji, na ukungu wa 5 hauwezi kuitofautisha na nyuzi. Nusu yake imeangukia Rangi, ambako umeshaifuta. Nusu nyingine imekaa kwenye Nyuzi. Zima leya nyingine zote, rudisha Nyuzi katika hali yake ya kawaida ya kijivu, na utaiona: tao jembamba la kiza, na kando yake, upande wa nje, utepe mwembamba uliopauka. Utepe huo haukuwepo kwenye kanzu. Umezaliwa na hesabu, kwa sababu mahali penye mpaka mkali ukungu hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na tofauti inaandika vyote viwili. Mtu akikuonyesha picha iliyosafishwa na ukaona kivuli cha duara kama mzimu wa doa, hicho ndicho.

Kishawishi ni kuongeza Radius hadi 20 ili pete yote iingie kwenye leya moja. Haiingii. Ukiongeza, pete nzima inahamia kwenye Nyuzi pamoja na sehemu ya doa. Ukipunguza, nyuzi zinahamia kwenye Rangi. Hakuna namba itakayozitenga kwa sababu zina ukubwa unaokaribiana. Pete lazima iondolewe kwa mkono ndani ya leya ya Nyuzi, na huko sheria za brashi zinageuka.

Kwenye Rangi brashi ilikuwa laini. Kwenye Nyuzi inatakiwa iwe na ukingo mkali, uzito asilimia 100. Brashi laini huchanganya nyuzi za chanzo na nyuzi za mahali unapobandika, na zisipopatana, mgongo wa moja ukakaa juu ya bonde la nyingine, zinafutana na kubaki kijivu kitupu. Unabandika ukingo wa ukungu mahali ambapo ulikuwa unaokoa nyuzi. Simama kwenye nakala ya Nyuzi, kwenye Sample uchague Current Layer, na chanzo ukiweke umbali unaogawanyika kwa 10 kutoka mahali unapobandika, kwa kufuata uzi wenyewe: pikseli 40, 50, 60 kando ya mshindio. Ukipatia, nyuzi zinaunganika na huoni mahali mpigo ulipoanzia. Ukikosea kwa pikseli 5, unapata mshono wa ngazi ngazi ambao hata asiyejua kompyuta atauona. Futa, sogeza chanzo, jaribu tena. Kwa doa hili kifua kimejikunja kidogo na mshindio unapanda nyuzi kadhaa kuelekea begani, kwa hiyo kwa tao la juu ilibidi kufungua Clone Source na kukizungusha chanzo kwa nyuzi chache mpaka mistari ikalale sambamba. Nakili kutoka nje ya doa, si ndani. Nyuzi za ndani zimelegea, na Curves uliyoiweka juu itazichukulia tofauti. Ukishafunika pete kwa nyuzi za nje, rudi kwenye maski ya Curves na uisogeze ukingo wake ndani, ili nyuzi hizo mpya zenye nguvu zao kamili zisizidishwe mara ya pili.

Anayetumia GIMP anaweza kufika huko kwa njia fupi. Tangu toleo la 2.10 kuna Wavelet-decompose, inayoigawa picha katika ngazi tano na salio kwa mpigo mmoja, na pete mara nyingi hugawanyika katika ngazi mbili za katikati ambako ni rahisi kuiona. Kanuni za brashi ni zile zile.

Kuhakiki kunahitaji jicho lisilo na huruma. Fungua Channels na utazame Blue peke yake, katika kijivu. Doa lililobaki kidogo, lisiloonekana kabisa kwenye rangi, hujitokeza huko. Kisha weka juu ya kila kitu leya ya Curves yenye mwinuko mkali wa muda, ili tofauti ndogo zipanuke, na uifute ukimaliza. Tazama kwa 100%, si kwa 33%. Picha iliyopunguzwa kwenye skrini huzalisha mistari ya uongo juu ya kitambaa kilichofumwa, na wakati mwingine huficha mishono ya kweli. Pikseli 6000 zikichapishwa kwa 300 kwa inchi zinatoa urefu wa sentimita 51, na kwa ukubwa huo mgeni aliyeketi kwenye kochi hataona uzi mmoja mmoja, lakini atakayesimama karibu akipita ataona.

Njia hii inategemea nyuzi ziwemo ndani ya faili. Picha iliyopitia WhatsApp imebanwa kwa kukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kinachotupwa kwanza ni yale mabadiliko ya haraka, ambayo ndiyo nyuzi. Leya ya Nyuzi ya picha hiyo itakuonyesha vijisanduku badala ya kitani. Omba faili la asili.

Kanga ni mtihani mwingine. Kitambaa chake ni chepesi na nyuzi zake hazionekani kwenye picha nyingi, na mapambo yake yana mipaka mikali ya rangi ambayo ukungu huichanganya. Doa likiangukia pindo, nusu kwenye nyekundu na nusu kwenye nyeupe, chagua kila eneo la rangi peke yake kabla ya kunakili, la sivyo nyekundu itavuja ndani ya nyeupe kwa pikseli 15 zile zile. Mwenye duka akikuletea picha ya kanga iliyo dukani yenye doa halisi, bora umshauri aifue aipige upya. Anayenunua ataletewa doa, si picha.

Darizi ya kifuani, nta ya mshumaa na matope yaliyokauka vinabadilisha umbo la kitambaa chenyewe, si rangi tu, na leya ya Nyuzi itabeba umbo hilo hata Rangi ikiwa safi kabisa. Wino mweusi ni mbaya kuliko vyote. Mahali ambapo chaneli zote tatu zimeshuka karibu na sifuri, mtikisiko wa nyuzi nao umeshuka karibu na sifuri, na ukiuzidisha mara nane unapata chengachenga. Hapo hakuna cha kuokoa. Unafunika sehemu nzima ya Nyuzi kwa kipande cha kitani kutoka upande wa pili wa kifua, hatua kwa hatua za pikseli 10, na kama mkunjo wa upande huo umeelekea kwingine, unalipisha zaidi.